FOB Yokohama, CIF Dar es Salaam: gari likiungua baharini hasara ni ya nani?

Ukipitia kurasa za wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani utakuta gari moja lina bei mbili. Toyota IST ya mwaka 2005, rangi ya fedha, FOB dola 3,000. Chini yake, CIF Dar es Salaam dola 4,250. Bei hizi nimezibuni kwa ajili ya hesabu zetu, kwa sababu bei za kweli hazitulii, lakini utaratibu wa kuzipanga mbili mbili ndio huohuo kwa kila muuzaji. Wanunuzi wengi hung'amua haraka kwamba ile bei kubwa imeshaingiza nauli ya meli. Wanapokosea ni kwenye jambo lililojificha nyuma ya nauli. Wanadhani kwamba kwa kuwa wamelipia mpaka Dar es Salaam, basi muuzaji ndiye anayebeba dhamana ya gari mpaka Dar es Salaam, na likipatwa na balaa baharini ni shauri lake.

Sivyo ilivyo. Aliyenunua kwa CIF na aliyenunua kwa FOB wote wawili wanaanza kubeba hatari ya gari mahali pamoja na saa ileile: gari linapokuwa ndani ya meli, bado liko Yokohama, nahodha hata hajang'oa nanga. Baada ya hapo likiungua, likizama au likipondwa na gari jirani, hasara ni ya mnunuzi. Tofauti ya hao wawili iko kwenye nani amelipa nauli, nani ameitafuta meli, na nani amekata bima. Tofauti hiyo si ndogo, lakini si ile ambayo watu wengi wanaifikiria.

Herufi hizi zinatoka katika kanuni ziitwazo Incoterms, zinazotungwa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ICC, yenye makao yake Paris. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1936, na linalotumika sasa ni la 2020. Ndani yake mna masharti 11 ya kuuziana mali. Manne kati ya hayo ni ya mizigo ya majini peke yake, na FOB na CIF zimo humo. Si sheria ya nchi yoyote. Zinawabana muuzaji na mnunuzi kwa sababu wao wenyewe wameziandika kwenye mkataba wao au kwenye profoma. Nazo hujibu maswali machache tu: nani afanye nini, nani alipe nini, na hatari inahama wapi. Hazisemi kama injini ni nzima. Hazisemi mali inakuwa yako kisheria siku gani, wala ulipe lini. Anayelalamika kwamba gari limefika likitoa moshi mweusi asizitafute haki zake kwenye FOB wala CIF; atazame mkataba unasemaje juu ya hali ya gari.

Sasa tuifuate hiyo IST. Urefu wake ni mita 3.855, upana 1.695, kimo 1.53. Zidisha, utapata mita za ujazo 10 kasoro kidogo mno. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua nauli, maana meli za magari hutoza kwa nafasi ambayo gari linachukua, si kwa thamani yake. Tuseme nauli ni dola 120 kwa kila mita ya ujazo, basi ni dola 1,200. Bima tuiwekee dola 50. Ukijumlisha na zile 3,000 unapata 4,250 ya CIF.

Ndani ya zile dola 3,000 za FOB muuzaji ana kazi ya kufanya. Anafuta usajili wa gari nchini Japani ili lipate kibali cha kutoka, analisafirisha kutoka yadi yake hadi bandarini, anamaliza taratibu za forodha za kule, na analiingiza melini. Neno la msingi katika FOB ni hilo la mwisho. Meli za magari zina mlango mkubwa unaoteremshwa gatini kama daraja. Vibarua wa bandari huendesha magari moja baada ya jingine hadi ndani, kisha huyafunga sakafuni kwa mikanda. Gari likishakuwa humo, muuzaji wa FOB amemaliza wajibu wake.

Zamani mpaka wenyewe ulikuwa ukingo wa meli. Mzigo ukivuka ukingo ukiwa umening'inia kwenye winchi, hatari ilishahama, hata kama kamba ilikatika nukta moja baadaye na mzigo ukaangukia sitaha. Wanasheria walikuwa na mengi ya kubishania hapo. Toleo la 2010 likaondoa ukingo na kusema mzigo uwe umeshawekwa melini. Kwa gari linaloingia kwa magurudumu yake, mpaka huu mpya una mantiki zaidi.

Kabla ya mpaka huo, kila kitu ni cha muuzaji, kwa FOB na kwa CIF pia. Nalisema hili kwa sababu mnunuzi wa kwetu kwa kawaida huwa ameshatuma pesa zote kwa benki kabla gari halijaguswa, na kwa hiyo hujiona tayari ni mwenye gari na mwenye mikosi yake. Septemba 2018 kimbunga kilichoitwa Jebi kilipiga ghuba ya Osaka, maji ya bahari yakaingia kwenye yadi za bandari za eneo hilo, na magari yaliyoloa maji ya chumvi yakashika moto. Gari likipatwa na jambo kama hilo likiwa bado yadini, muuzaji bado anadaiwa gari au pesa. Kulipa mapema hakuhamishi hatari.

Meli ikishaanza safari, mambo yanabadilika. Desemba 31, 2018, meli ya magari iitwayo Sincerity Ace, iliyotoka Yokohama kwenda Honolulu ikiwa na magari kama 3,500, ilishika moto katikati ya Pasifiki, na mabaharia watano wakapoteza maisha. Mwaka 2022 nyingine, Felicity Ace, ikaungua karibu na visiwa vya Azori na hatimaye ikazama na magari kama 4,000. Ajali za namna hii si za kila siku, lakini ndizo zinazoonyesha waziwazi nani alikuwa amesimama wapi.

Chukua wanunuzi wawili wa IST mbili zilizofungwa bega kwa bega kwenye sitaha moja. Wa kwanza alinunua FOB Yokohama, akalipa nauli mwenyewe, na bima hakukata. Kanuni za FOB hazimlazimishi mnunuzi kukata bima. Hazimjali katika hilo. Wa pili alinunua CIF Dar es Salaam. Meli ikizama, wote wawili wamepoteza gari, na hakuna hata mmoja anayeweza kumrudia muuzaji kudai jingine. Wa kwanza amepoteza dola 3,000 za gari na kwa kawaida na nauli pia, kwa sababu hati nyingi za shehena zina kifungu kinachosema nauli ikishalipwa hairudi, meli ifike isifike. Wa pili ana hati ya bima mkononi. Chini ya CIF muuzaji alitakiwa kumkatia bima isiyopungua asilimia 110 ya bei ya mkataba, yaani dola 4,675 kwa gari letu. Ile asilimia 10 ya juu huwekwa kufidia usumbufu na faida ambayo mnunuzi aliitazamia. Anadai kwa kampuni ya bima, kwa jina lake, moja kwa moja.

Kufikia hapa CIF inaonekana kuwa ndiyo ya mwenye busara. Ngoja tuifungue hiyo bima.

Kanuni zinamtaka muuzaji wa CIF akate bima ya kiwango cha chini kabisa. Katika soko la bima za baharini kuna ngazi tatu zinazojulikana kwa herufi A, B na C, na muuzaji wa CIF akikata C ametimiza wajibu. Toleo la 2020 liliipandisha bima ya CIP, ambayo ni ndugu yake CIF kwa usafiri wa aina yoyote, hadi ngazi A. CIF wakaiacha palepale kwenye C. Ngazi hiyo hulipa majanga makubwa: moto na mlipuko, meli kukwama, kuzama au kupinduka, kugongana, na mzigo unaotupwa baharini kwa makusudi ili kuiokoa meli. Hailipi wizi. Hailipi maji ya bahari yaliyoingia ndani ya gari bila meli kupatwa na ajali. Hailipi kioo kilichopasuka, bampa lililogongwa wakati wa kushusha, wala mkanda uliolegea gari likajigonga kwenye nguzo. Vita nayo haimo. Novemba 2023 meli ya magari Galaxy Leader ilitekwa na Wahouthi katika Bahari ya Shamu. Mwenye mzigo aliye na ngazi C tupu hana la kudai kwa tukio la aina hiyo, isipokuwa awe amelipia nyongeza ya bima ya vita.

Basi linganisha na malalamiko ya watu wa kwetu. Gari limefika Dar es Salaam bila redio. Tairi la akiba halipo, jeki haipo. Kuna mbonyeo mpya mlangoni ambao haukuwa kwenye picha. Hayo ndiyo yanayotokea mara kwa mara, na karibu yote yako nje ya bima ambayo muuzaji wa CIF analazimika kuikata. Mwenye CIF anaenda bandarini akiamini kwamba amekatiwa bima, anaondoka akiwa sawa na mwenzake wa FOB asiye na bima kabisa.

Kuna hali moja ambapo hata ngazi C ina thamani kubwa, nayo haizungumzwi sana. Ni ile wanayoiita hasara ya pamoja. Meli inapokuwa hatarini, na nahodha akatoa mali au pesa kwa makusudi ili kuiokoa safari nzima, gharama hiyo hugawanywa kwa wote wenye meli na wenye mizigo iliyosalimika, kila mtu kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Ni kanuni ya kale ya mabaharia, na ingali hai. Ever Given ilipokwama kwenye mfereji wa Suez Machi 2021, wenye meli walitangaza hasara ya pamoja, na watu ambao makontena yao hayakuwa na hata mkwaruzo wakatakiwa kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mizigo. Tuseme mchango ungekuwa asilimia 10: mwenye IST yenye thamani ya dola 4,250 angedaiwa dola 425 kwa gari lililofika zima. Mwenye bima huipelekea kampuni yake iweke dhamana. Asiye na bima hutoa pesa taslimu, au gari linabaki.

Turudi kwenye karatasi, maana katika CIF karatasi ndizo zinazonunuliwa. Muuzaji hakuahidi kwamba gari litafika. Ameahidi kulipakia, kulipa nauli mpaka bandari iliyotajwa, kukata bima, na kukupa hati zinazothibitisha yote hayo: ankara, hati ya shehena ambayo mawakala wa forodha huiita BL, na hati ya bima. Zikiwa sawa, unalipa, hata kama gari lenyewe liko chini ya bahari.

Ukali wa jambo hilo ulipimwa katika mahakama ya Uingereza, kwenye kesi iliyochapishwa mwaka 1919 kati ya kampuni za Manbre Saccharine na Corn Products. Wanga na sharubati ya mahindi viliuzwa kwa CIF, kutoka New York kwenda London, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli iitwayo Algonquin ikazamishwa Machi 1917. Baada ya hapo muuzaji akapeleka hati na kudai pesa zake. Jaji alisema muuzaji ana haki ya kuwasilisha hati hata baada ya mzigo kupotea, na hata kama anajua umepotea. Hata hivyo muuzaji huyo alishindwa, na sababu ndiyo inayonipendeza: badala ya hati ya bima alikuwa ametoa barua tu inayosema kwamba mnunuzi amekingwa na bima ambayo yeye muuzaji anayo. Barua ya kuahidi bima haikuhesabiwa kuwa bima. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado wapo wauzaji wanaoandika CIF kwenye profoma, wanatoza dola 50, na ukiwaomba cheti wanakujibu usijali, mzigo wote una bima. Hiyo ni barua ya Manbre kwa mavazi mapya. Mwenye CIF asiye na cheti cha bima chenye namba ya chesisi ya gari lake amelipia kitu asichokuwa nacho.

Tukiwa kwenye kulipia, kosa jingine la kawaida ni kuichukulia CIF kama bei ya gari likiwa nyumbani. CIF inaishia bandarini. Tozo za bandari, malipo ya wakala wa meli ili atoe hati ya kuachilia gari, wakala wa forodha, kodi, usajili, na tozo za kuhifadhi gari ukichelewa kulitoa, vyote ni vya mnunuzi. Hata gharama ya kushusha kutoka melini ni ya mnunuzi, isipokuwa kama imeshaingizwa kwenye nauli. Ukaguzi wa gari unaodaiwa na nchi yako kabla halijapakiwa nao ni juu yako, chini ya FOB na chini ya CIF vilevile.

Kuhusu kodi, wapo wanaonunua FOB wakidhani kwamba ankara ndogo italeta ushuru mdogo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeziba mlango huo: thamani ya kutozea ushuru ni pamoja na nauli na bima mpaka mlango wa kuingilia. Ukileta ankara ya FOB, vitaongezwa. Kwa magari yaliyotumika, TRA ina mfumo wake wa kukadiria thamani, kwa hiyo ankara yako haina neno la mwisho.

Sasa kuna jambo la kwetu hasa ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Tanzania kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na Kenya ambayo ilianza kulisimamia kwa mkazo Januari 2017, zinamtaka mwagizaji akate bima ya mzigo wake kwa kampuni iliyosajiliwa nchini. Hoja ya serikali ni nyepesi kueleweka: tumezoea kununua kwa CIF na kuuza kwa FOB. Kahawa yetu huuzwa FOB, mnunuzi wa nje akaleta meli yake na bima yake. Magari tunayonunua huja CIF, meli na bima za muuzaji. Pande zote mbili pesa ya nauli na ya bima inabaki nje. Naiona hoja hiyo kuwa ya haki kwa upande wa bima, ingawa haitatuletea meli.

Kwa mnunuzi, sheria hiyo ina matokeo ya papo kwa papo. Akinunua CIF analipia bima ya muuzaji, halafu bandarini anatakiwa aonyeshe ya ndani. Amelipa mara mbili. Ndiyo sababu wengi sasa huomba bei ya CFR, ambayo wafanyabiashara huiita C&F: ni CIF iliyoondolewa bima. Muuzaji anatafuta meli na kulipa nauli, mnunuzi anakata bima yake. Mpaka wa hatari unabaki palepale, ndani ya meli kule Yokohama.

Hapa pana mtego mdogo. Kwa kuwa cheti cha ndani hudaiwa wakati wa kutoa mzigo, wapo wanaokikata meli ikiwa inakaribia kutia nanga, ili mradi karatasi ipatikane. Bima ya namna hiyo imemtimizia afisa haja yake, wewe haijakukinga kwa siku hata moja ya safari. Hatari ilihamia kwako gari lilipoingia melini, basi na bima iwe imeanza kabla ya saa hiyo. Na ukiwa unaikata mwenyewe, huna sababu ya kubaki na ngazi C. Omba A, kisha usome vizuizi vyake, kwa sababu kwa gari lililotumika kampuni za bima mara nyingi huondoa mikwaruzo, mibonyeo na kutu. Zingine hukubali kuvirudisha ukileta ripoti ya hali ya gari na picha za kabla ya kupakiwa.

FOB kamili, ile ya kitabuni ambapo mnunuzi mwenyewe anakodi nafasi melini na kumjulisha muuzaji jina la meli na siku ya kupakia, inamfaa mwenye mzigo mkubwa. Mtu anayeleta magari 40 kwa mwezi anaweza kupata nauli nzuri kuliko ya muuzaji, na atajua kila dola ilikokwenda. Lakini uhuru huo una bei yake: meli uliyoiteua ikichelewa au ikikataa mzigo, hatari na gharama za yadi zinakuwa zako tangu siku mliyokubaliana, hata kama gari halijaingia melini. Mnunuzi wa gari moja hana uwezo huo. FOB anayoiona mtandaoni ni bei ya gari tu. Meli atatafutiwa na muuzaji yuleyule na kutozwa nauli juu yake. Kwake faida ya bei hiyo ni moja, kuona faida ya muuzaji imejificha kwenye gari au kwenye nauli. Toa FOB kwenye CIF, gawanya kwa mita za ujazo, ulinganishe na wauzaji wengine wawili. Kama mmoja anatoza dola 120 kwa mita na mwingine 160 kwa bandari zilezile, gari lake la bei nafuu si nafuu.

Wenye makontena nao waliweke akilini neno moja. FOB na CIF hazikutungwa kwa ajili yao. Kontena linalotoka Guangzhou hukabidhiwa kwenye yadi ya makontena, wakati mwingine siku kadhaa kabla ya meli kufika, na muuzaji hana tena mamlaka nalo. ICC yenyewe inashauri masharti ya FCA na CIP kwa mizigo hiyo, ambapo hatari inahama pale kontena linapokabidhiwa kwa msafirishaji. Soko bado limeng'ang'ania FOB kwa mazoea.

Gari likifika na kasoro, usilitoe getini kwanza. Lizunguke na wakala wako, piga picha, na kasoro iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano. Kanuni za Hague, ambazo hati nyingi za shehena huzifuata, zinataka msafirishaji apewe taarifa ya maandishi wakati wa kupokea mzigo, au ndani ya siku 3 kama kasoro haionekani kwa macho, na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Kampuni ya bima itaiulizia hiyo taarifa, kwa sababu ikishakulipa itataka kumdai mwenye meli.

Kwa mwagizaji wa gari moja kutoka Japani, ushauri wangu ni CFR Dar es Salaam au CFR Mombasa, na bima ya ndani ya ngazi A. Kabla ya kutuma pesa hakikisha profoma inataja sharti, bandari na maneno Incoterms 2020. Hati ya shehena ikitoka, ishike pamoja na cheti cha bima utazame tarehe mbili: ya bima iwe imetangulia ya kupakiwa.